VPN imewaka kwenye simu, laptopu inapita pembeni: kisa cha kituo cha parachichi Tukuyu

Kampuni moja ndogo inayonunua parachichi wilayani Rungwe ina mfumo wake wa kupokelea mzigo. Karani anapima kreti, anaingiza jina la mkulima, kilo na daraja la matunda, na kila kitu kinahifadhiwa kwenye seva ya kukodi. Mfumo huo hauko wazi kwa dunia nzima. Unapatikana ndani ya VPN tu, yaani handaki la siri linalopita kwenye intaneti, kwa anwani 10.8.0.1, kwa hiyo mtu aliye nje ya handaki haoni hata ukurasa wa kuingilia. VPN yenyewe ni WireGuard. Anwani ya nje ya seva, pamoja na anwani nyingine nitakazotaja hapa, nimezibadilisha ziwe za mfano.

Kituo cha kupokelea matunda kipo nje kidogo ya Tukuyu na hakina intaneti ya waya. Karani anatumia simu yake ya Android: ananunua bando, anawasha VPN, anawasha hotspoti, kisha anaunganisha laptopu yenye Windows. Malalamiko yaliponifikia Mwanjelwa, jijini Mbeya, yalikuwa tayari na hukumu ndani yake: kwenye simu mfumo unafunguka, kwenye laptopu haufunguki, basi laptopu ni mbovu. Walikuwa wameshabadili brauza na kuondoa antivirusi, na kuna aliyeshauri Windows ipigwe upya.

Lakini laptopu hiyohiyo ilikuwa inafungua barua pepe na tovuti za magazeti bila shida. Kompyuta inayofika kote isipokuwa sehemu moja iliyofichwa ndani ya handaki haina haja ya kupigwa Windows upya. Cha kuuliza ni kama imeingia handakini.

Nilipofika nilianza na jaribio linaloweza kufanywa na yeyote. Kwenye simu, VPN ikiwa imewaka, tulifungua tovuti ya ifconfig.me inayokuonyesha anwani ya IP unayotokea. Ikaonyesha 203.0.113.10, yaani seva ya kampuni. Kisha kwenye laptopu iliyounganishwa na simu hiyohiyo, dakika hiyohiyo, tukaandika:

```
curl https://ifconfig.me
```

Jibu likawa 198.51.100.24. Hiyo ni anwani ya kampuni ya simu, haina uhusiano wowote na seva yetu. Kwa kuhakikisha nikaongeza amri ya kufuata njia:

```
tracert -d -h 4 1.1.1.1
```

Mstari wa kwanza ulikuwa simu yenyewe, 192.168.43.1. Kama laptopu ingekuwa ndani ya handaki, mstari wa pili ungekuwa 10.8.0.1. Badala yake ilikuja anwani ya ndani ya mtandao wa simu.

"Kaka, mbona alama ya ufunguo ipo pale juu? VPN si imewaka?" karani akauliza.

"Imewaka dada, ila imewakia simu peke yake."

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Tumezoea kuiona simu kama ruta, na ruta ikiwa na VPN kila kilicho nyuma yake hupita humo. Android haikujengwa hivyo. VPN ya Android hufungwa kwenye programu zinazoendeshwa ndani ya simu. Kila programu ina namba yake ya utambulisho, na mfumo unasema: pakiti iliyozaliwa na programu yenye namba kuanzia hapa hadi pale ipite handakini. Pakiti ya laptopu haikuzaliwa ndani ya simu. Imeingia kupitia Wi-Fi na inapitishwa tu kwenda nje, haina namba ya programu yoyote, basi kanuni ya VPN haiigusi. Ina kanuni yake tofauti, na hiyo inaielekeza moja kwa moja kwenye mtandao wa simu.

Haya si ya kukisia. Ukichomeka simu kwa waya wa USB, ukaruhusu hali ya wasanidi na USB debugging, kisha ukaandika `adb shell ip rule`, utayaona maandishi yenyewe. Kwenye simu hii, mistari miwili yenye maana ilikuwa hivi:

```
13000: from all fwmark 0x0/0x20000 iif lo uidrange 0-99999 lookup tun0
21000: from all iif wlan1 lookup rmnet_data0
```

Mstari wa kwanza ni wa VPN. Neno la kulitazama ni `iif lo`, lenye maana ya kwamba pakiti imetoka ndani ya simu yenyewe. Hizo ndizo zinazopelekwa `tun0`, ambalo ni handaki. Mstari wa pili ni wa hotspoti: chochote kinachoingia kupitia `wlan1` kiende `rmnet_data0`, yaani laini ya simu. Namba za mwanzo hutofautiana kati ya matoleo ya Android, na majina ya njia hutofautiana kati ya simu na simu, lakini mgawanyo ni uleule. Zaidi ya hapo, simu nyingi za sasa hukabidhi kazi ya kupitisha pakiti za hotspoti kwa chipu au kwa njia ya mkato ndani ya kiini cha mfumo, ili simu isichemke na betri isiishe. Pakiti hizo hazipiti hata karibu na programu ya VPN.

Meneja, aliyekuwa anafuatilia kwa simu kutoka Mbeya mjini, akasema kuna swichi ameiwasha makusudi, ile ya "Block connections without VPN". Aliamini inazuia kila kitu kisichopita handakini. Inazuia, lakini inazuia programu za simu. Pakiti za laptopu hazimo kwenye hesabu yake. Nadhani jina la swichi hiyo linapotosha, maana mtu akilisoma ana haki kabisa ya kuelewa alivyoelewa meneja. Kwenye iPhone hali ni hiyohiyo: laptopu iliyoungana na hotspoti ya simu hutoka nje ya VPN ya simu.

Niseme kwamba kampuni hii ilikuwa na bahati. Mfumo wao ulikuwa umefichwa, kwa hiyo kosa lilijitokeza kwa kelele: ukurasa haufunguki. Ofisi inayotumia VPN ili tu mawasiliano yake yapite handakini, huku huduma zote zikiwa za wazi, inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Kila kitu kinafunguka, alama ya ufunguo inawaka, na hakuna kinacholindwa.

Suluhisho zipo za aina tatu. Ya kwanza ni kuilazimisha simu iingize hotspoti handakini. LineageOS, toleo huru la Android, ina chaguo la kuruhusu wateja wa hotspoti kutumia VPN, na simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa mamlaka yote ya mfumo, inaweza kubadilishiwa zile kanuni. Kwa simu ya karani wa kawaida, yenye Android ya kiwandani na programu ya benki ndani yake, nililikataa bila kufikiri mara mbili. Ya pili ni kuweka kwenye simu programu ya proksi, inayofungua kurasa kwa niaba ya kifaa kingine, na kuiambia brauza ya laptopu iipitie. Inafanya kazi kwa sababu nzuri: proksi ni programu ya simu, pakiti zake zinazaliwa ndani, basi zinapita handakini. Lakini ni brauza tu inayotii. Programu nyingine za laptopu hupuuza mpangilio wa proksi na kupita pembeni kama kawaida. Ya tatu ni kuweka VPN kwenye laptopu yenyewe. Hapo simu inabaki kuwa njia tu, na pakiti ya laptopu inaondoka ikiwa imeshafungwa tangu ndani ya Windows. Tukachagua hii.

Meneja aliuliza kama kuongeza kifaa kunaleta shida ya kisheria. Mwezi Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kujisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Yeye alikuwa ameshapeleka taarifa za kampuni, hivyo hilo halikutuchelewesha.

Kilichotuchelewesha ni kwamba kabla sijafika, kuna kijana wa ofisini alikuwa ameshajaribu hiyo njia ya tatu na kuikataa. Alihamisha faili la mipangilio kutoka kwenye simu, akalipakia kwenye WireGuard ya Windows, likawaka. Mfumo ukafunguka kidogo, ukakwama, ukarudi, ukakwama tena. Akahitimisha kwamba VPN kwenye laptopu ni nzito mno kwa mtandao wa Tukuyu, hasa mvua ikinyesha. Mvua ya Rungwe inasingiziwa mambo mengi.

Nikamwomba anionyeshe alichofanya. Akawasha VPN kwenye laptopu huku ya simu ikiwa bado imewaka, kisha tukaacha `ping -t 10.8.0.1` ikikimbia. Majibu yakaja mfululizo, yakakatika, yakarudi, yakakatika tena. Mtandao mbovu haukatiki kwa mpangilio wa namna hiyo. Nikaingia kwenye seva na kuandika `wg show` mara kwa mara. Mteja yule mmoja alikuwa anaonekana hivi:

```
endpoint: 198.51.100.24:40112
allowed ips: 10.8.0.6/32
latest handshake: 9 seconds ago
```

Baada ya muda mfupi, endpoint, yaani anwani na mlango anaotokea mteja, ikawa `198.51.100.24:52871`. Kisha ikarudi 40112. Anwani ni ileile kwa sababu vyote viwili vinatoka kupitia laini moja, ila namba ya mlango inarukaruka.

Maelezo yake ni haya. WireGuard haina jina la mtumiaji wala nywila. Utambulisho wa mteja ni ufunguo wake. Seva inakumbuka mahali pamoja tu pa kumpata kila mwenye ufunguo, na mahali hapo ni pale ilipotoka pakiti yake halali ya mwisho. Utaratibu huo ni mzuri sana kwa mtu anayesafiri, maana akihama kutoka Wi-Fi kwenda data, seva inamfuata yenyewe. Lakini vifaa viwili vyenye ufunguo mmoja vinamaanisha kwamba kila kimoja kinamnyang'anya mwenzake nafasi. Simu ikituma pakiti, majibu ya laptopu yanaelekezwa kwa simu, ambayo haina cha kufanya nayo. Kwenye faili lao kulikuwa na `PersistentKeepalive = 25`, maana yake kila kifaa kinatuma pakiti ndogo ya kujitambulisha kila baada ya sekunde 25 hata kama hakina kazi. Kwa hiyo hata simu ikiwa imelala mfukoni ilikuwa inaendelea kuiibia laptopu.

Tiba ni kutengeneza jozi mpya ya funguo kwa ajili ya laptopu na kuipa anwani yake ya ndani, 10.8.0.7, kisha kuiandikisha kwenye seva kama mteja wa peke yake. Kazi ya dakika chache. Ping ikatulia, majibu yakaja bila kukatika, simu ikiwa imewaka VPN au imezima. Kwa aliyezoea kunakili faili moja na kuligawa kwa ofisi nzima, hapa ndipo pa kuangalia kwanza mtu anaposema VPN "inasuasua".

Karani akafungua mfumo. Ukurasa ukabaki mweupe, kile kiduara kikizunguka.

Nilikuwa naona ping inajibu vizuri kabisa na ukurasa haufunguki. Dalili hiyo ina mshukiwa mmoja mkuu: pakiti ndogo zinapita, kubwa hazipiti. Ping ya kawaida ya Windows hubeba baiti 32 tu. Ukurasa wa mfumo unakuja kwa pakiti zilizojaa pomoni.

WireGuard inapofunga pakiti, inaongeza vichwa vyake. Juu ya IPv4 nyongeza ni baiti 60, juu ya IPv6 ni 80. Ni sawa na kuingiza kreti ndani ya kreti kubwa zaidi: ya ndani haikubadilika, lakini ya nje huenda isipite mlango wa gari. Upana wa mlango huo ndio huitwa MTU. Kwenye Wi-Fi ya kawaida ni baiti 1500, na WireGuard ya Windows huangalia kadi ya mtandao ya laptopu, ikaona 1500, ikaondoa 80, na kujipangia 1420. Hesabu hiyo ni sahihi hadi kwenye simu. Ng'ambo ya simu kuna mtandao ambao nao una vichwa vyake, na mlango wake unaweza kuwa mwembamba zaidi. Laptopu haiuoni.

Tukaupima. VPN ya laptopu tukaizima, kisha tukatuma ping yenye ukubwa maalumu na katazo la kukatwa vipande:

```
ping -f -l 1472 1.1.1.1
ping -f -l 1372 1.1.1.1
```

Ukiongeza 28 za vichwa, ya kwanza ni pakiti ya 1500 na ya pili ni ya 1400. Ya kwanza ilirudi na maneno `Packet needs to be fragmented but DF set`. Ya pili ikajibiwa. Nikapandisha hadi 1373, ikakataa. Kwa hiyo njia ya laini ile ilikuwa na upana wa 1400 kamili.

Sasa hesabu inajieleza. Pakiti ya ndani ya 1420 ikifungwa inakuwa 1480. Inafika kwenye mlango wa 1400, inakatwa vipande viwili, na vipande vya UDP, aina ya pakiti inayotumiwa na WireGuard, havipendwi na mitandao ya simu. Kipande cha pili hakibebi namba za milango, vifaa vinavyogawana anwani moja kwa wateja wengi havijui kimpelekee nani, na mara nyingi vinakidondosha. Kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima imekufa. Laptopu haipati taarifa yoyote ya kwamba imetuma kitu kikubwa mno, inarudia ukubwa uleule, inapotea tena. Ndiyo maana ukurasa unabaki mweupe badala ya kutoa kosa.

Na kwa nini simu yenyewe haikuwa na tatizo hili, ikiwa laini ni ileile na seva ni ileile? Kwa sababu WireGuard ya Android, kama hujaandika MTU kwenye faili, hutumia 1280. Ukijumlisha 60 unapata 1340, inapita bila kuguswa. Faili moja lisilo na mstari wa MTU linazaa 1280 kwenye simu na 1420 kwenye laptopu. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo linalowafanya watu waape kwamba laptopu ina kasoro.

Faili la laptopu likawa hivi:

```
[Interface]
PrivateKey = ...
Address = 10.8.0.7/32
DNS = 10.8.0.1
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = ...
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
Endpoint = 203.0.113.10:51820
PersistentKeepalive = 25
```

Kwa upana wa 1400 ningeweza kuandika 1340, au 1320 kwa tahadhari endapo laini itabeba pakiti ya nje kwa IPv6. Nilichagua 1280 kwa sababu karani hubadilisha laini kulingana na bando la siku hiyo, na sikutaka apime upya kila mara. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Kwa 1420, vichwa vinakula kama asilimia 4.1 ya kila pakiti iliyojaa, na kwa 1280 vinakula kama asilimia 4.5. Bando halitajua tofauti. Upande wa seva hatukugusa kitu. Laptopu inapofungua mazungumzo ya TCP hutaja ukubwa inaoweza kupokea, na seva inautii, hivyo kurekebisha upande mmoja kumetosha kwa kwenda na kurudi.

Ukurasa ukafunguka. Karani akaingiza mizigo ya asubuhi iliyokuwa imeandikwa kwenye daftari, akapakia na picha za stakabadhi. Hapo ndipo nilipotaka kuona, maana kupakia picha ni pakiti kubwa mfululizo kwenda upande wa seva. Zikapita.

Kuna mstari kwenye faili hilo unaohitaji maelezo, `AllowedIPs`. Faili la zamani lilikuwa na `0.0.0.0/0` peke yake, ambayo ni IPv4 yote. Laini nyingi za simu sasa zinatoa na IPv6, na hotspoti huigawa kwa laptopu bila kuuliza. Ukiacha `::/0`, kwenye mfumo usiozuia trafiki ya nje ya handaki tovuti yenye IPv6 inaweza kufunguliwa pembeni, VPN ikiwa imewaka kabisa. Kipimo chake ni `curl -6 https://ifconfig.me`, VPN ikiwa imewaka. Ikitoa anwani ya mtandao wa simu, kuna uvujaji. Ikikataa au ikitoa anwani ya seva, uko salama. Kwetu ilikataa, kwa kuwa seva ile haina IPv6, na brauza zikarudi zenyewe kwenye IPv4. Kama kampuni ingehitaji mfumo wake tu na si kupitisha kila kitu, `10.8.0.0/24` ingetosha na kupunguzia seva mzigo. Meneja alitaka vyote vipite, ni uamuzi wake.

Alibakiwa na dukuduku moja: kwamba kampuni ya simu inabana hotspoti. Inawezekana kiufundi. Kila pakiti hubeba namba iitwayo TTL, inayopungua moja kila inapopitishwa na kifaa. Windows hutuma pakiti zenye TTL ya 128, simu inapunguza moja, zikifika kwa mtoa huduma zina 127, wakati za simu yenyewe zina 64. VPN ya laptopu hailifichi hilo, maana pakiti ya nje nayo inatoka Windows na inapita simu ileile. Lakini kama hotspoti ingekuwa imebanwa, laptopu ingekuwa nzito hata VPN ikizimwa. Tulipima kasi kwenye simu, kisha kwenye laptopu bila VPN, zikakaribiana. Sikuona sababu ya kuendelea na mshukiwa huyo.

Kasi ya laptopu ikiwa na VPN ilishuka kidogo chini ya hapo, ikapanda tulipoacha Wi-Fi na kutumia waya wa USB. Hotspoti ya simu ile ilikuwa kwenye masafa ya 2.4 GHz, ndani ya banda lenye vifaa vingine vya Wi-Fi. Waya una faida nyingine kwa kituo kama kile: simu inachajiwa na laptopu wakati umeme umekatika. Baada ya kubadili kwenda waya, rudia kipimo cha `curl`, kwa sababu Windows inaiona simu kama kadi mpya ya mtandao. Handaki likabaki palepale, 203.0.113.10.

VPN ya simu tuliiacha iwake. Haiisaidii laptopu, wala haiisumbui tena sasa kwa kuwa kila kimoja kina ufunguo wake, na karani bado anaihitaji anapoingiza kreti za jioni akiwa shambani bila laptopu.